Miezi 12 ya kipengele cha 14? Ngoja kwanza

*"Meneja wangu wa mauzo anaondoka mwisho wa mwezi. Naandaa ukurasa mmoja wa bosi unaoonyesha muda wake wa kutofanya kazi kwa washindani na wa kutunza siri. Kipengele cha 14 kinasema miezi 12, si niandike hivyo tu?"*

Usiandike! Hiyo ndiyo namba niliyoiandika mimi, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kulipa wakili.

Mwaka 2022 kijana wetu alileta barua ya kuacha kazi tarehe 1 Machi. Notisi ilikuwa mwezi mmoja, lakini hatukumtaka ofisini, tukamlipa siku zilizobaki kama kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira ya Kenya kinavyotaka. Tarehe 4 akapokea pesa, akarudisha laptopu. Mimi nikafungua mkataba wa 2019, nikaona miezi 12, nikahesabu kuanzia 31 Machi. Tarehe 12 Septemba nikasikia yuko Westlands kwa washindani wetu. Nikamtumia barua kali, ya kumtisha hasa.

Wakili wake akajibu kwa karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya kupandishwa cheo ya 2021, yenye sahihi yetu wenyewe, iliyopunguza miezi 12 kuwa 6. Nikajifariji: miezi 6 kutoka mwisho wa Machi ni mwisho wa Septemba, bado nimemshika. Ya pili ilikuwa ukurasa wa 2 wa mkataba wangu mwenyewe, pale maneno yanapofafanuliwa. Tarehe ya mwisho wa ajira ni siku ya mwisho ya notisi, ila notisi ikilipwa bila kutumikiwa, ni siku ya malipo. Yaani 4 Machi. Kijana alikuwa huru wiki nzima kabla ya kuripoti kazini, na mimi nikaandika barua ya kuomba radhi.

Na yule bwana wa ofisi ya wafanyakazi aliyenipa jedwali lenye "miezi 12" kwa kila jina, akaapa kwamba mikataba yetu yote inafanana! Alinakili safu hiyo kutoka juu hadi chini. Bado ananiamkia kwenye lifti.

Kwa hiyo usiandike muda wowote bila kuandika kando yake unaanza siku gani, na karatasi ipi ndiyo ya mwisho kuugusa. Tafuta `Termination Date`, yaani hiyo tarehe ya mwisho wa ajira, kwenye faili. Ikiwa mkataba ni skani utafutaji hautaleta kitu, basi soma kwa macho. Kisha omba kila barua iliyofuata ajira: cheo, mshahara, uhamisho.

Siri ziwekee mstari wake. Kwetu taarifa za kawaida zilifungwa miaka 2, lakini siri za biashara hazikuwa na kikomo hadi zijulikane hadharani, na yote hayo yalikuwa sentensi moja ndefu. Ukiishia kwenye mkato wa kwanza, utaripoti miaka 2 tu.

Na hata ukipata tarehe sawasawa, mwandikie bosi kwamba Sura ya 24 ya Sheria za Kenya, ile ya mikataba inayozuia mtu kufanya kazi au biashara, inamruhusu jaji kukataa zuio analoliona limepita kiasi. Wangu hakuambiwa, akashangaa sana.