Asilimia 12 ilinila kuliko ambavyo 20 ingenila

Juzi dada mmoja anayesoma haya ninayoandika kanitumia meseji, ana ofa tatu za mkopo mezani, biashara yake ndogo inataka kukua, anauliza "kaka nichukue hii ya asilimia 12 si ndo rahisi?" Nilivyosoma tu tumbo likaniuma, maana swali hilohilo nilijijibu mwenyewe miaka kadhaa iliyopita na nikajijibu vibaya.

Mimi nilichukua ya 12. Nilikuwa nimekaa mbele ya afisa mikopo, kijana msafi, anaongea vizuri, ananiita bosi kila sentensi, na mimi nikajiona kweli bosi, nikasaini kurasa sijui ngapi bila kusoma. Nimeomba milioni 10, zikaingia milioni 9 na laki 6. Nikapiga simu nikaambiwa hizo laki 4 ni ada ya kuchakata mkopo asilimia 3 na bima asilimia 1, zimekatwa juu kwa juu, iko kwenye mkataba. Na kweli ilikuwepo. Ila riba nikawa nailipa kwenye milioni 10 nzima, yaani na ile laki 4 ambayo sijawahi kuishika. Hadi leo nikiikumbuka ile simu nasikia aibu.

Lakini hiyo ada ilikuwa kidonda kidogo. Kidonda chenyewe ni neno moja ambalo sikuuliza, flati. Riba ya flati maana yake wanapiga asilimia 12 kwenye mkopo wote wa mwanzo, inatoka milioni 1 na laki 2, wanaigawa miezi 12, kila mwezi unalipa riba laki 1. Mwezi wa kwanza sawa, unadaiwa milioni 10. Sasa njoo mwezi wa mwisho, deni halisi limebaki kama 833,000 na riba bado ni laki 1 ileile. Piga hesabu, hiyo ni asilimia 12 kwa mwezi mmoja! Ukichukua wastani wa deni unalokaa nalo mwaka mzima ni kama milioni 5 na laki 4 tu kwa sababu kila mwezi unapunguza, kwa hiyo ile 12 ya kwenye bango kwa mwaka ni zaidi ya 21, kabla hata hujaweka ada.

Aina ya pili ni riba ya salio linalopungua. Hapo kila mwezi riba inapigwa kwenye deni lililobaki tu. Ofa ya pili ya huyu dada ni asilimia 20 ya namna hiyo, na alikuwa ameshaitupa pembeni kwa sababu 20 inatisha kuliko 12. Milioni 10, miezi 12, rejesho ni kama 926,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni kama 166,000, mwezi wa mwisho ni kama 15,000. Jumla ya riba milioni 1 na 116,000. Umeona? Ishirini imekuwa ndogo kuliko kumi na mbili. Nilivyomtumia hiyo hesabu alikaa kimya dakika kadhaa akarudisha "sijaelewa", nikampigia tukarudia kwa sauti, wala simlaumu, mimi kuelewa kulinichukua mkopo mzima.

Sasa weka ada. Ofa ya kwanza yake inafanana na ile iliyoniliza mimi, riba milioni 1.2 na makato laki 4, gharama yote milioni 1.6. Ya pili ada asilimia 1 tu, laki 1, jumla kama milioni 1 na 216,000. Tofauti ni karibu laki 4, na mkopo ni uleule. Mwenye Eksel kwenye simu asinitafute, aandike mwenyewe hivi:

```
=RATE(12,-933333,9600000)*12
```

Namba ya kwanza ni miezi, ya pili ni rejesho la mwezi, ya tatu ni pesa INAYOINGIA MKONONI, sio uliyoomba. Hiyo inakupa kama 29.5%, ndo bei ya kweli ya ile "12". Ya pili ukiiweka, 926345 na 9900000, inakuja kama 22%. Linganisha hizo na sio za kwenye bango.

Ofa ya tatu ndo iliyotuumiza kichwa. Asilimia 18, salio linalopungua, riba jumla kama milioni 1 na kidogo, ukiangalia haraka ndo mshindi. Ila wanataka hati ya nyumba. Na hati hawaichukui hivihivi, kuna mthamini analipwa na mkopaji, wakili anaandaa nyaraka za rehani, kuna kusajili, alivyojumlisha vyote ikafika 350,000. Gharama yote ikawa kama milioni 1 na laki 3 na nusu, imeshaizidi ile ya 20. Na hapo bado kusubiri usajili uishe ndo pesa itoke, na ukimaliza deni kuna kuifuta ile rehani, napo kuna gharama. Kwa mkopo wa miaka mitano pengine ningemwambia aichukue, maana gharama za hati unazilipa mara moja na unafuu wa riba unaendelea. Kwa mwaka mmoja hapana. Nyumba nzima kwa milioni 10 jamani!

Tena kwenye rasimu ya mkataba kulikuwa na kifungu kwamba hati inashikilia "deni hili na madeni mengine yoyote". Maana yake umemaliza mkopo huu lakini umemdhamini shemeji kwenye benki ileile, hati yako inaweza kubaki ndani. Someni vifungu vya dhamana ndugu zangu, someni hata kama bosi bosi zimezidi.

La mwisho ni kulipa mapema, hapa ndo nilipochomwa mara ya pili. Mwezi wa sita nilipata pesa nzuri nikaenda kifua mbele nifunge deni, nikaambiwa nilete milioni 5 na laki 6, yaani marejesho yote sita yaliyobaki na riba yake ambayo muda wake haujafika. Kwenye ile ya 20 salio mwezi huo lingekuwa kama milioni 5 na laki 2 na nusu. Sio kila flati iko hivyo, kuna wanaosamehe sehemu ya riba, na hata za salio linalopungua nyingine zina faini ya kufunga mapema, kwa hiyo uliza kabla, "nikilipa yote mwezi wa sita nitaleta shilingapi?" na wakuandikie. Ombeni jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi kabla ya kusaini. Anayekunyima jedwali ondoka. Nimesema ondoka.

Dada kachukua ya 20. Dhamana ni gari la biashara, kadi imebaki benki. Alichoomba kibadilike ni tarehe ya rejesho tu, walimwekea tarehe 5 na wateja wake wakubwa wanalipa katikati ya mwezi, wakamsogezea hadi tarehe 20 bila ubishi. Mimi kwenye mkopo wangu nililipa faini ya kuchelewa mara nne na haikuwahi kunijia akilini kwamba tarehe inaombwa.