Umerekodi kipindi chako, sasa unakifupishaje?

Walimu wengi tukishamaliza kipindi, kwenye tathmini pale chini ya andalio la somo tunaandika "somo limeeleweka" na maisha yanaendelea. Mi siku hizi narekodi sauti ya kipindi, naweka simu kwenye dawati la katikati ya darasa, sio mezani kwangu, maana ukiiweka mbele utasikia sauti yako tu na wa nyuma hawasikiki kabisa. Weka hali ya ndegeni, simu ikiingia inaweza kukata rekodi. Mwalimu mkuu awe anajua, na watoto uwaambie.

Usijaribu kuandika kila neno, utachukua jioni nzima na hutarudia tena. Mi nasikiliza mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya muda peke yake, ya pili maswali na majibu.

Chukua kipindi changu cha hisabati darasa la tano, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, dakika 40. Kwenye andalio nilipanga utangulizi 5, maarifa mapya 15, zoezi la makundi 15, hitimisho 5. Rekodi ikasema utangulizi 7, maarifa mapya 18, kuhamisha madawati na kugawa karatasi 4, zoezi 7, hitimisho 4. Hizo 4 za madawati kwenye andalio hazipo popote, ndo maana nazipa mstari wake. Na ukihesabu muda wa zoezi usianzie pale uliposema "haya anzeni", anzia pale unaposikia watoto wanabishana kuhusu hesabu yenyewe, vinginevyo utajipa dakika ambazo hazikuwepo.

Sasa maswali. Yalikuwa 31, nikayagawa mafungu matatu. Yale ya kuitikiwa kwa pamoja, "tumeelewana?" au "hii ya chini inaitwa asi...?" halafu darasa zima "liiii", yalikuwa 19. Ya kutaka jibu la hesabu 9. Ya kumtaka mtoto aeleze amefikaje hapo, 3 tu. Kuitikia kwa pamoja sio dhambi, kunawaamsha, ila hakukuambii nani anajua, kwa hiyo kwenye muhtasari mi nayaandika idadi tu afu naendelea. Hayo mengine ndo ya kuandika kwa maneno.

Na hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Usiandike "alikosea", andika alichosema, na pembeni yake wewe ulisema nini baada ya hapo. Mstari wangu mmoja uko hivi: dakika ya 14, nusu jumlisha theluthi ni ngapi, msichana wa dirishani, "mbili ya tano", mimi: "hapana, mwingine?". Ukiwa darasani hilo ni kosa linapita, ila ukilisoma limeandikwa unaona wazi katoa wapi, kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Na mwingine aliyefuata akasema 5/6 nikampongeza, kwa hiyo yule wa dirishani alichojua ni kwamba amekosa, kwa nini hajui. Swali la kumuuliza lilikuwepo tena jepesi: mbili ya tano na nusu ipi kubwa? Angeona mwenyewe kwamba amejumlisha akapata kidogo kuliko alichoanza nacho.

Kingine cha kupima ni ukimya, yani sekunde toka umalize swali hadi umtaje mtoto au ujijibu mwenyewe. Yule mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida wanasubiri kama sekunde moja, na wakifika tatu majibu yanarefuka na watoto wengi zaidi wanajitokeza. Sio lazima upime kila swali, chukua yale ya kueleza tu.

Rekodi ya sauti haikuonyeshi mikono iliyonyooshwa wala yule aliyekaa kimya kipindi kizima, kwa hiyo ubao naupiga picha kabla haujafutwa, na nasikiliza siku hiyohiyo wakati sura bado nazikumbuka. Mvua ikipiga bati hiyo rekodi achana nayo, utaanza kubuni majibu.

Muhtasari wote usizidi ukurasa mmoja wa daftari, na chini naandika jambo moja au mawili ya kubadilisha kipindi kinachofuata. Ya safari hii yalikuwa: madawati yahamishwe kabla ya kipindi, na 1/2 + 1/3 = 2/5 iandikwe ubaoni mwanzoni, makundi yaseme kama ni kweli na kwa nini. Majina ya watoto siandiki, naandika wanapokaa. Rekodi naifuta nikishamaliza, na kwenye grupu la walimu hairushwi hata wakiomba.