Dawa ya meno ya kung'arisha na stripu: ganzi inatoka wapi?

Swali: Daktari, nimetumia dawa ya meno ya kung'arisha miezi mitatu. Weusi wa chai umepungua ila meno bado ni ya njano. Nikaagiza mtandaoni stripu, vile vipande vyembamba vyenye jeli vya kubandika kwenye meno ili yawe meupe, na siku ya nne meno ya mbele yakaanza kupiga shoti yenyewe, maji baridi siyagusi. Je, stripu zimekula meno? Nimekulia Arusha, nina na madoa ya kahawia ya maji ya kule.

Jibu: Hazijala, dada. Ila kwanza zisimamishe.

Chai, kahawa na sigara huacha rangi kwenye utando mwembamba wa mate unaofunika enameli, yaani lile gamba gumu la nje. Dawa ya meno ya kung'arisha huisugua rangi hiyo kwa chembe ngumu, mara nyingi silika au kalsiamu kaboneti, na kazi yake huishia hapo juu. Ndiyo maana weusi umepungua na njano imebaki: njano inatoka kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli, na hakuna msuguano unaofika huko bila kumaliza enameli yenyewe. Kuna dawa zenye rangi ya buluu inayofanya jino lionekane jeupe ukishapiga mswaki. Hiyo ni hila ya macho, baada ya saa chache imekwisha.

Stripu hazisugui chochote. Jeli yake ina haidrojeni peroksaidi, molekuli ndogo sana inayopenya enameli, ikaingia kwenye dentini na kuvunjavunja chembe za rangi humo ndani. Shida ni kwamba haina breki. Ndani ya dakika kama 15 kiasi fulani huwa kimeshafika kwenye kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu, na kiini huvimba kidogo. Hiyo ndiyo shoti yako: inakuja bila kuguswa, ni meno kadhaa kwa pamoja, inadumu sekunde chache, huwa kali saa chache baada ya kubandua stripu, na kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache ukiacha.

Ganzi ya dawa ya meno ina tabia nyingine. Ukisugua kwa nguvu na dawa yenye chembe kali, shingo ya jino karibu na ufizi hulika na dentini hubaki wazi. Dentini ina vijitundu vingi vyenye majimaji, na baridi au mswaki ukigusa pale majimaji husogea na neva inashtuka. Hapo utaumwa sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, tena kila ukiigusa, hata kama stripu hujazitumia mwezi mzima. Pitisha ukucha taratibu kuanzia ufizini kushuka kwenye jino la juu. Ukikwama kwenye kijishimo, ndipo palipolika.

Ninavyodhani, wewe una vyote viwili. Miezi mitatu ya kusugua imefungua shingo za meno, kisha peroksaidi ikapata njia ya mkato.

Pumzika stripu wiki mbili. Iache na dawa ya kung'arisha, utumie dawa ya meno ya ganzi yenye potasiamu naitreti asilimia 5 pamoja na floraidi, na mswaki laini. Ukishapiga mswaki tema tu, usisukutue kwa maji. Ganzi ikiisha unaweza kurudia stripu siku moja ukiruka moja, kwa muda mfupi kuliko ulioandikwa kwenye boksi. Soma asilimia pia. Ulaya, stripu za dukani haziruhusiwi kuzidi asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi, na kuanzia hapo hadi 6 lazima upitie kwa daktari wa meno. Za mtandaoni zinaweza kuwa na 10 au zaidi. Zikiandikwa karbamaidi peroksaidi usishtuke na namba kubwa, kwa sababu asilimia 10 yake hutoa kama 3.5 tu ya haidrojeni peroksaidi. Boksi lisilotaja asilimia kabisa, mimi nisingelitia mdomoni.

Jino moja likiuma peke yake, au maumivu yakidumu dakika nzima baada ya maji baridi, au yakikuamsha usiku, hayo si ya stripu. Pengine kuna tundu au ufa, na lazima litibiwe kabla ya peroksaidi yoyote.

Kuhusu madoa ya Arusha: hayo ni ya floraidi nyingi katika maji uliyokunywa meno yako yakiwa bado yanajijenga, na yamo ndani ya enameli. Dawa ya meno haiyagusi. Stripu zinaweza kupunguza kahawia, ila mabaka meupe kama chaki mara nyingi huonekana zaidi siku za mwanzo, na watu hudhani meno yameharibika. Kwa meno ya hivyo ni afadhali umwone daktari wa meno, ambaye anaweza kukwangua kidogo sana tabaka la juu kwa asidi maalumu au kuyapenyeza mabaka resini, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa humo, ili yafanane na jino lililobaki.