Kuhesabu mali ya stoo kwa simu pasipo mtandao

Stoo yetu ya vifaa vya ujenzi ina kuta nene na paa la bati, na ukiingia ndani mtandao hukatika mlangoni. Zamani mimi na mwenzangu tulifungua faili moja la Google Sheets katika simu zetu, kila mmoja akajaza idadi aliyoiona mahali alipo. Mimi niliandika ndoo 36 za rangi zilizokuwa stoo, naye aliyekuwa dukani akaandika 11 katika seli ileile. Tulipopata mtandao, idadi iliyofika mwisho iliifuta ya kwanza, na laha kuu ikaonyesha ndoo 11 badala ya 47. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tuliiandikia seli moja mambo mawili.

Siku hizi hakuna anayegusa laha kuu wakati wa kuhesabu. Kila mtu ana faili lake, ambalo hulifungua akiwa bado na mtandao na kuchagua `Make available offline`. Kila anapohesabu rundo moja huongeza mstari mmoja wenye namba ya mstari, namba ya bidhaa, mahali na idadi. Namba za mistari yangu huanza na S, kama S-001, na za mwenzangu huanza na D. Idadi huandikwa kwa kipimo kimoja tu, kwa maana katoni zikichanganywa na vipande hakuna fomula itakayowaokoa.

Jioni mistari yote hunakiliwa, mmoja chini ya mwingine, katika laha iitwayo Hesabu. Katika laha kuu, ambako namba ya bidhaa imo safu ya A, fomula hujumlisha marundo yote ya bidhaa hiyo:

```
=SUMIF(Hesabu!B:B,A2,Hesabu!D:D)
```

Hatari ya kwanza ni kubandika faili moja mara mbili, jambo linalotokea kirahisi mtu akichoka. Hapo ndipo namba ya mstari inapofaa, kwani ukiweka fomula hii katika safu ya E ya Hesabu, jibu lolote linalozidi 1 ni mstari uliojirudia:

```
=COUNTIF(A:A,A2)
```

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Namba ya bidhaa ikikosewa ikawa isiyomo katika laha kuu, SUMIF huuruka mstari huo kimyakimya, bila kutoa onyo lolote. Kwa hiyo sisi hulinganisha jumla ya safu ya D katika Hesabu na jumla ya safu ya fomula katika laha kuu. Mwezi uliopita ya kwanza ilikuwa 1,312 na ya pili 1,306. Vipande sita vilivyopungua vilikuwa makufuli yaliyoandikwa KF7 badala ya KF-07.

Njia hii haitambui mali inayouzwa wakati hesabu ikiendelea, na kwa sababu hiyo sisi huhesabu baada ya duka kufungwa.