Kitenzi kije mapema: kugeuza insha iwe simulizi

Insha yangu kuhusu meli ya MV Liemba niliisoma neno kwa neno, nikairekodi kwenye simu, nikamchezea mama. Dakika haijaisha akanikatiza: "Mwanangu, kwani kilichozamishwa ni nini?"

Nilikuwa nimeshasema. Tatizo ni nilivyosema:

"Meli ya MV Liemba, ambayo iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg nchini Ujerumani kwa jina la Graf von Götzen na baadaye kusafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe."

Hesabu: maneno 27 yanapita ndipo "ilizamishwa" ifike. Msomaji akipotea hurudisha jicho nyuma. Msikilizaji hana pa kurudi. Ile "i-" ya "ilizamishwa" inamtaka awe bado ameishika meli kichwani, na hapo katikati ameshapitishwa Ujerumani na Kigoma.

Siku hizi naanza kwa kuwinda "ambayo" na ndugu zake. Nikiipata, naweka nukta, na habari iliyobebwa humo naipa sentensi yake. Kisha najiuliza nani kafanya nini, na hilo ndilo linalotangulia. Mwaka nausogeza nyuma ya kitenzi, maana 1916 ukiitamka ni maneno saba mazima.

Jaribio la kwanza lilikuwa baya kwa upande wa pili. Kila sentensi maneno matatu au manne, kama simu ya maandishi ya zamani. Tena katika kukata nilikuwa nimeiangusha "ili isitekwe", kwa hiyo ikasikika kana kwamba Wajerumani walipatwa na wazimu. Sababu usiitenganishe na tendo lake, hata kama sentensi itarefuka kidogo. Toleo lililobaki ni hili:

"Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe. Ilikuwa karibu na Kigoma, mwaka 1916. Waliiunda kwao, Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha hadi Ziwa Tanganyika, wakaiunga upya. Waliiita Graf von Götzen. Sasa adui anakaribia. Wakapaka mitambo grisi isishike kutu, wakaizamisha ili isitekwe. Meli hiyo ndiyo Liemba."

Angalia sentensi ya tatu: ni ndefu, lakini haichoshi, kwa sababu "-ka-" inaleta kitenzi kipya kila baada ya maneno machache. Ukitaka kufuata desturi ya wasimulizi, unaweza hata kutanguliza kitenzi chenyewe, "Wakaja mafundi", ila mimi naweka mara moja kwa dakika kadhaa. Ikizidi inageuka ngano.

Nikirekodi, sehemu ninayovuta pumzi kabla ya nukta naitia alama ya penseli, nikarudi kuikata hapo.

Toleo la pili mama alilisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Sasa waliitoaje majini?" Hiyo ni sehemu inayofuata: Waingereza, mwaka 1924.