Chora mstatili kwanza, ndipo ukokotoe

Nilipokuwa kidato cha sita nilikariri kanuni za mgawanyo sare kama zilivyo, na swali lilipopindishwa kidogo tu nikakwama. Sasa jioni nawasaidia vijana wa mtaani kwetu somo hilohilo, na ninachowaomba kabla hawajaandika hesabu yoyote ni mchoro. Tuchukue swali moja tuone mchoro huo unavyofanya kazi.

Safari ya basi huchukua kati ya dakika 35 na 60, na kila muda ndani ya mipaka hiyo una nafasi sawa na mwingine; huo ndio mgawanyo sare. Kuna uwezekano gani kwamba utafika kabla ya dakika ya 45?

Piga mstari mlalo, uandike 35 kushoto na 60 kulia, kisha usimamishe mstatili juu ya kipande hicho. Upana wake ni 60 − 35, yaani 25. Kimo hukupewa, lakini unacho tayari: eneo la mstatili ndilo uwezekano, na safari lazima iishie mahali fulani kati ya 35 na 60, kwa hiyo eneo lote ni 1. Kimo basi ni 1 ÷ 25 = 0.04. Sasa tia kivuli kuanzia 35 hadi 45. Upana wa kivuli ni 10, eneo lake 10 × 0.04 = 0.4. Hilo ndilo jibu.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la kuanza kuhesabu kwenye sifuri: 45 × 0.04 = 1.8. Uwezekano hauwezi kuzidi 1, kwa hiyo ukiona namba kama hiyo rudi kwenye mchoro. Lakini kuna kosa lingine la aina hiyo ambalo halijitangazi. Ukiulizwa uwezekano wa safari kuchukua kati ya dakika 50 na 70, mkono unakimbilia 20 × 0.04 = 0.8, nayo inaonekana jibu la kawaida kabisa. Mchoro unakuzuia, maana kuanzia 60 hadi 70 hakuna mstatili wa kutia kivuli. Kilichopo ni 50 hadi 60 tu, na jibu ni 0.4.

Kuna swali ambalo mimi mwenyewe lilinisumbua muda mrefu. Umeshakaa kwenye basi dakika 45 na hujafika. Kuna uwezekano gani kwamba utafika kabla ya dakika ya 50? Wengi hujibu 5 × 0.04 = 0.2. Hilo ni jibu la mtu ambaye bado hajapanda basi. Wewe unajua kwamba kipande cha 35 hadi 45 kimeshafutika, kwa hiyo kifute kweli kwenye karatasi, kwa penseli. Kinachobaki kina upana wa 15, na eneo lake sasa ndilo linalopaswa kuwa 1. Kwa hiyo kimo kinapanda hadi 1/15, na kivuli cha 45 hadi 50 kina eneo la 5/15, yaani theluthi moja. Ukishaona mstatili ukifupishwa upana na kurefushwa kimo, huhitaji tena kukariri kanuni ya uwezekano wenye sharti kwa maswali ya namna hii.

Kimo chenyewe si uwezekano. Andika safari ileile kwa saa: upana wa dakika 25 unakuwa 5/12 ya saa, na kimo kinakuwa 12/5, yaani 2.4. Kijana mmoja alifuta kazi yake yote alipoiona 2.4, na ilikuwa sahihi. Dakika 10 ni 1/6 ya saa, na 1/6 × 2.4 inarudi palepale, 0.4.

Unaweza pia kwenda kinyumenyume. Tuseme unataka uchelewe mara moja tu katika kumi. Tafuta mahali ambapo kivuli kutoka kushoto kinafika 0.9: upana wake ni 0.9 × 25 = 22.5, kwa hiyo jipe dakika 57 na nusu.

Ila usiuamini mstatili kwa kila safari halisi. Andika muda wa safari zako kwa miezi michache, kisha zigawe kwenye vipande vitano vya dakika tano tano, kuanzia 35 hadi 60. Kama mgawanyo ni sare, kila kipande kitapata karibu moja ya tano ya safari. Zikirundikana katikati, kwenye 45 hadi 50, na pembeni zikawa chache, basi umbo lake si mstatili, na ile 57 na nusu haitakuwa sahihi.