Kigae kilitoka cheusi, mabakuli yakatoka na kutu

Swali lililoulizwa: «Habari za kazi wakuu. Nilijaribu glezi ya chuma kwenye kigae, nikaichoma katika tanuri dogo, ikatoka nyeusi ya kung'aa hadi unajiona uso. Nikachovya mabakuli 12 kutoka ndoo ile ile, udongo ule ule, nyuzi zile zile 1220, ila kwenye tanuri kubwa. Yametoka mekundu ya kutu, hayang'ai, na ukingoni ni kahawia tu. Nimekosea wapi?»

Dada, kabla hujaimwaga hiyo ndoo, yapange mabakuli yako mezani kwa kufuata mahali yalipokaa tanurini. Nadhani utaona kwamba yaliyokuwa pembeni au karibu na mlango yana weusi kidogo, na yale ya katikati, yaliyobanwa na wenzake, ndiyo mekundu zaidi. Ukiliona hilo, tatizo lako la kwanza si fomula wala si joto la juu, bali ni muda ambao tanuri lilichukua kupoa. Wengi wetu tulifundishwa kulinda mchomo hadi koni ya kupimia joto ipinde, kisha tukazima umeme na kwenda kulala kana kwamba kazi imekwisha, ilhali kwa glezi ya chuma nusu ya rangi hutengenezwa wakati tumelala.

Sababu yake ni hii. Glezi ya aina yako hubeba oksidi nyekundu ya chuma nyingi, kwa kawaida gramu 10 hivi kwa kila gramu 100 za unga mkavu. Kwenye nyuzi 1220 glezi yote imeyeyuka kuwa kioo, na chuma hicho kimeyeyuka ndani yake kama sukari katika chai ya moto. Joto likishuka, kioo hakiwezi tena kukishika chuma chote, nacho kile cha ziada hutaka kujitenga na kujipanga kuwa fuwele ndogo sana usoni mwa chombo. Fuwele hizo ni nyekundu, na kwa kuwa zinaufanya uso uwe na chembechembe, hunyonya pia ule mng'ao. Ila zinahitaji muda. Joto likiporomoka haraka, glezi huganda kabla hazijaota, chuma hubaki kimefungwa ndani ya kioo, nasi tunapata weusi wa kujiona uso. Likishuka polepole, hasa kati ya nyuzi 1000 na 850, fuwele huota zitakavyo.

Yaliyokupata yalinipata mimi na vikombe. Tanuri langu dogo la majaribio lina matofali membamba na huwa na kigae kimoja au viwili tu ndani. Nikilizima kwenye 1220, kipimajoto huonyesha 900 baada ya dakika 40 hivi. Tanuri kubwa, likiwa na rafu nene na vyombo vimejaa, lilichukua karibu saa tano kushuka umbali huo huo. Kwanza sikuamini kwamba tofauti hiyo ndiyo yenye kosa, kwa hiyo nilikichukua kigae kile kile cheusi nilichokuwa nimekitundika ukutani kwa fahari, nikakiweka katikati ya tanuri kubwa kwenye mchomo uliofuata. Kilitoka chekundu kama bati lililoshika kutu. Kisha nikavunja kikombe kimoja chekundu, nikachoma kipande chake katika tanuri dogo, nacho kikatoka cheusi kinachong'aa, kwa sababu kilipofika joto la juu fuwele ziliyeyuka upya, na safari hii hazikupata muda wa kuota. Jaribio hili ni rahisi, na ningekushauri ulifanye wewe mwenyewe, kwa sababu linatenganisha suala la kupoa na mambo mengine yote.

Ule ukingo wa kahawia ni habari nyingine, maana kupoa hakuuelezi. Hapo ni unene. Glezi ya chuma ikiwa nyembamba, udongo hupenya kwa chini na rangi huwa ya kahawia hafifu, hata kama tanuri lilipoa vizuri. Kigae chako bila shaka kilikuwa bapa, kinene, kikavu kabisa, kikachovywa mara moja na kukaa hapo sekunde tatu nne. Bakuli lina ukuta mwembamba, tena wengi humimina glezi ndani kwanza, wakaitoa, na papo hapo wakachovya nje. Ukuta uliokwisha kunywa maji kwa upande mmoja hauna tena kiu ya kuvuta glezi kwa upande wa pili, na ukingoni, ambapo ukuta ni mwembamba kuliko popote, hakuna kilichobaki cha kunywea. Glezi hiyo kidogo iliyoshika hapo, ikishayeyuka, huteremka pia kwa uzito wake.

Mimi siku hizi naglezi ndani asubuhi na nje jioni, baada ya ukuta kukauka. Kabla ya kuchoma nadunga glezi mbichi kwa ncha ya sindano mahali pasipoonekana, nipime kina chake. Kwenye glezi hii natafuta milimita moja hivi. Nusu milimita hunipa kahawia bila kukosa. Tena pima uzito wa glezi yenyewe: mililita 100 zilizokorogwa vizuri, uziweke kwenye mizani, uandike gramu ulizopata siku ulipochovya kigae. Yangu huwa gramu 145. Ndoo iliyokaa wiki moja bila kukorogwa hadi chini, au iliyoongezwa maji kwa kukisia, si glezi ile ile tena, ingawa ndoo ni ile ile. Rangi ya uji wenyewe ndooni isikudanganye, kwani mbichi huwa nyekundu ya matofali hata ile itakayotoka nyeusi.

Sasa ukitaka weusi kutoka tanuri kubwa, njia ninayoitumia ni kuondoa vizibo vya matundu ya kuchungulia mara tu ninapozima, nikiacha hewa ipite hadi kipimajoto kisome 850 hivi, kisha navirudisha na kuliacha tanuri lipoe lenyewe. Mlango siufungui kamwe, na chini ya hapo siharakishi tena, kwa sababu kwenye nyuzi 573 silika iliyomo katika udongo hubadilika ukubwa ghafla, na chombo kinachopoa kwa pupa hapo hupasuka kwa mlio. Tanuri likiwa kubwa mno, vizibo havitoshi. Hapo ni bora kupunguza chuma hadi gramu 8 hivi, ili kioo kiweze kukishika chote, na kuanza upya na vigae vinavyochomwa ndani ya tanuri hilo hilo, vikiwa vimesimama wima na vimekatwa kutoka kwenye mtungi uliofinyangwa, ili viwe na ukingo na mviringo kama chombo chenyewe.

Mabakuli 12 usiyatupe. Chukua mawili tu, lile jekundu kuliko yote na moja la pembeni, usugue vizuri nyayo zake, uyachome tena hadi 1220 ukiwa na vizibo mkononi. Weka kipande cha rafu ya zamani chini ya kila moja, kwa sababu glezi inayoyeyuka mara ya pili hutiririka zaidi kuliko ilivyotiririka mara ya kwanza. Wekundu unaweza kuondoka, ila ukingo wa kahawia utabaki, kwa kuwa glezi iliyokosekana pale hairudishwi na moto.